DG hajajibu siku 18, mnara wa tenki umekwama: nisaidieni na barua pepe ya kuomba uamuzi (Lubumbashi)

Dada_Katuba · Jumatatu 1 Septemba, saa 2 usiku

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, nasimamia projeti ya maji katika mtaa mmoja wa pembeni, upande wa njia ya Kasenga. Awamu ya kwanza imekwisha. Kisima kimechimbwa, maji yamepatikana kwenye mita 62, na pampu ya jua iko dipo tayari. Awamu ya pili ni mnara, tenki la lita 10,000 juu yake, na mabomba mpaka vituo vitano vya kuchotea maji.

Mnara ndio uliokwama. Mpango wa mwanzo ulisema mita 6. Tulipopima ardhi upya tukaona kituo cha tano, kile cha shuleni, kiko juu kwa mita 3 kuliko mahali mnara utakaposimama. Tukiweka mita 6, pale shuleni maji yatatiririka kama uzi. Mimi naona tuweke mita 9. Bei inatoka dola 4,200 inafika 5,900, na mamlaka yangu ya kuamua yanaishia dola 1,000. Kwa hiyo ni lazima Mkurugenzi Mkuu wetu, yaani DG, aseme, naye yuko Kinshasa.

Nilimwandikia tarehe 14 Agosti. Nikamkumbusha tarehe 22. Hajajibu. Mafundi wananiuliza kila asubuhi kama tunachimba msingi ao hapana, na mvua haziko mbali. Barua yenyewe niliandika kwa Kifaransa, hapa naigeuza ili tuelewane:

> Kichwa: Ripoti ya awamu ya kwanza na mambo mengine
>
> Bwana Mkurugenzi Mkuu,
>
> Natanguliza salamu zangu za heshima. Kama unavyokumbuka, projeti ilianza mwezi wa tano, na kazi ya kuchimba kisima imeendelea vizuri licha ya magumu kadhaa. Utaona ripoti kamili (kurasa 14) kwenye faili niliyoambatisha. Katika upimaji wa mwisho tuligundua jambo kuhusu kituo cha shule ambalo linaweza kugusa urefu wa mnara. Ingekuwa vizuri tupate maoni yako juu ya jambo hilo, pia juu ya mlinzi wa usiku, na juu ya tarehe ya kukabidhi awamu ya kwanza kwa wakaaji.
>
> Nangojea maelekezo yako wakati utakapopata nafasi.

Ya tarehe 22 ilikuwa mstari mmoja: «Bwana Mkurugenzi Mkuu, nakumbusha barua yangu ya tarehe 14.»

Wiki hii nataka niandike ya tatu. Niiweke vipi ili ajibu bila kuona kwamba namsukuma?

---

Mwalimu_Panzi · saa 2:40 usiku

Pole sana dada. Sisi huku Bukavu tulikaa miezi mitatu bila mshahara na shefu wetu hakujibu barua hata moja. Mwishowe tulikwenda watu saba mpaka biro yake, tukakaa barazani tangu asubuhi. Siku hiyohiyo alitupokea. Kusanya wenzako muende, barua haziwezi kulipa deni.

---

Dada_Katuba · saa 2:52 usiku

Aksanti mwalimu, na poleni kwa yale mliyopitia. Ila mimi sidai mshahara, na shefu hakunikosea kitu. Nahitaji aseme mita 6 ao mita 9, basi.

---

Kivu_Projeti · saa 3:10 usiku

Dada, dawa yake ni moja na nimeitumia Goma mara nyingi. Mwishoni mwa barua andika: «Nisipopata jibu mpaka Ijumaa saa 11 jioni, nitahesabu kwamba umekubali mita 9.» Ijumaa ikipita unaagiza. Na uweke mwenyekiti wa baraza kwenye Cc. Akiona jina lile atajibu kabla chai haijapoa.

---

Mzee_Kipushi · saa 3:45 usiku

Binti yangu, nimefanya kazi miaka 22 karibu na wakurugenzi wa kampuni za madini hapa Katanga. Barua kama yako zilipita mikononi mwangu kila siku, nami ndiye niliyekuwa naamua ipi iwekwe juu ya meza na ipi ingoje. Acha niseme nilichokiona ndani yake.

Ndani ya barua ile hakuna swali. Isome kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga njia ya Kasenga. «Tuligundua jambo ambalo linaweza kugusa urefu.» Jambo gani? «Ingekuwa vizuri tupate maoni yako.» Maoni na uamuzi ni vitu viwili. Mtu anayeombwa maoni anajua wengine pia wameombwa, na kwamba akinyamaza kazi itaendelea. Halafu umemwambia ajibu atakapopata nafasi. Amekutii, maana nafasi hajaipata.

Tena umeyafunga mambo matatu kwa kamba moja. La mlinzi huenda angelijibu papo hapo. Lakini la mnara linataka hesabu, na la kukabidhi linataka kalenda, kwa hiyo anaiacha barua nzima mpaka siku atakayoweza kuyamaliza yote matatu. Siku hiyo haifiki. Mlinzi na makabidhiano yaandikie barua yake mbali.

Wewe Kivu_Projeti, nitakurudia kesho.

---

Mama_Sekretere · Jumanne 2 Septemba, saa 12:30 asubuhi

Mimi ni sekretere wa mkurugenzi mmoja Kinshasa, lakini nimezaliwa Kamalondo, kwa hiyo nawaandikia kama mtoto wa nyumbani.

Nikuonyeshe namna barua yako inavyosomwa, dada. Jana shefu wangu alitoka uwanja wa ndege wa Ndjili kwenda Gombe. Barabara ilijaa, akakaa garini karibu saa mbili, simu mkononi. Kwenye skrini anaona jina la aliyetuma, maneno matano au sita ya kichwa, na mstari mmoja mwembamba wa mwanzo wa barua. Kidole kinashuka tu. Anayoyaweza kwa neno moja anayajibu palepale. Yanayotaka kufungua faili anayawekea nyota ili ayasome biro, na akifika biro kuna watu wanne wanamngoja mlangoni.

Barua yako kwake ingesomeka «Ripoti ya awamu ya kwanza na mambo…» na chini yake «Natanguliza salamu zangu za heshima.» Ingepata nyota. Heshima iweke, Kifaransa chetu cha biro hakikubali barua isiyo na heshima. Lakini salamu ikae nusu mstari, na ombi lianze katika sentensi ileile.

Sasa nina swali, na usipolijibu humu hata shefu wako hataweza kukujibu: hizo dola 1,700 za nyongeza zinatoka wapi?

---

Dada_Katuba · saa 1:15 asubuhi

Zipo, mama. Mkataba wa kuchimba ulihesabiwa kwa mita 80, dola 95 kwa kila mita. Maji yakapatikana kwenye mita 62, tukasimama hapo. Mita 18 hatukuzilipa, ni dola 1,710. Feza bado iko kwenye fungu la kisima. Nimeeleza yote kwenye ukurasa wa 9 wa ripoti.

---

Mama_Sekretere · saa 1:22 asubuhi

Ukurasa wa 9! Dada yangu, hiyo ndiyo sentensi ya pili ya barua yako. Mkurugenzi akisikia «bei imepanda kwa 1,700» kitu cha kwanza anachoona ni uso wa mkurugenzi wa fedha. Anajua kwamba kabla ya kusema ndiyo atalazimika kumpigia, na kwa sababu hiyo haamui chochote. Ukimwambia «bajeti nzima haiongezeki hata dola moja, tunahamisha kilichobaki kwenye kisima», unakuwa umemwondolea mazungumzo yote yale.

Na mkurugenzi wa fedha umemwambia?

---

Dada_Katuba · saa 1:30 asubuhi

Hapana. Niliona si heshima kumpita DG.

---

Mama_Sekretere · saa 1:41 asubuhi

Humpiti. Mpigie leo, umuulize jambo moja tu: hicho kilichobaki kinaweza kuhamishwa, na kwa karatasi gani? Usimwombe akubali mnara. Akisema kinaweza, liandike hilo kwenye barua kwa jina la cheo chake. Shefu wangu akiona mambo ya fedha yameshaulizwa, uso unabadilika.

---

Transit_Kasumbalesa · saa 3 asubuhi

Mnara unatoka wapi? Kama unatengenezwa hapa Lubumbashi ni hadithi moja. Kama unavuka mpaka ni nyingine.

---

Dada_Katuba · saa 3:20 asubuhi

Unatoka Ndola, Zambia. Karakana yao inaomba wiki tatu za kukata, kuchomelea na kupaka zinki. Proforma inaisha Jumatano tarehe 10 Septemba.

---

Transit_Kasumbalesa · saa 3:55 asubuhi

Basi hilo nalo liandike, kwa sababu wakurugenzi wengi wanafikiri makaratasi yanaweza kuendelea huku wao wakiwaza. Hayawezi. Tangazo la uingizaji linafunguliwa benki kwa msingi wa proforma, na proforma ina bei, uzito na maelezo ya mzigo. Mnara wa mita 6 na wa mita 9 ni mizigo miwili tofauti. Ukifungua kwa mmoja halafu shefu akachagua mwingine, unarudi mwanzo, na lori linalala Kasumbalesa likikungoja.

Mwaka jana mteja wangu mmoja alileta jenereta. Karatasi zilisema nguvu moja, kibati kwenye mashine kikasema nyingine, kwa sababu bosi wake alibadilisha mawazo baada ya proforma na hakuna aliyetuambia. Siku 19 pale, na maegesho yanahesabiwa kwa kila siku. Nilipomuuliza nani aliidhinisha badiliko, alinionyesha sauti ya simu ya sekunde nane: «Sawa, chukua ile kubwa.» Hakuna mtu aliyeiandika mahali popote.

---

Mzee_Kipushi · saa 5 asubuhi

Transit ametupa kitu kizuri: jibu likija kwa mdomo, liandike mwenyewe dakika ileile na umrudishie. «Kama tulivyoongea sasa hivi, umeamua mita 9, nami naagiza kesho.» Yeye hahitaji kufanya kitu. Imebaki kwenye maandishi.

Sasa nakuja kwa Kivu_Projeti na ile ya «nitahesabu umekubali». Wewe uliitumia kwa mambo gani?

---

Kivu_Projeti · saa 5:20 asubuhi

Rangi ya ukuta wa biro, mzee. Siku ya semina. Mara moja kuhamisha mafuta ya gari moja kwenda jingine.

---

Mzee_Kipushi · saa 5:50 asubuhi

Na hapo uko sawa kabisa, tena umewapunguzia wakubwa kazi. Jambo lililo ndani ya mamlaka yako, linaloweza kurudishwa nyuma, unaweza kulisemea hivyo. Lakini huyu binti ana mamlaka ya dola 1,000, na mnara ukishakatwa Ndola haurudi kuwa vyuma. Ukimya wa mkurugenzi haupandishi mamlaka yake kufika 5,900. Mkaguzi akija atauliza saini iko wapi, na barua ile itakuwa ushahidi dhidi yake, kwa sababu inaonyesha alijua kwamba kibali kinahitajika.

Na Cc ya mwenyekiti wa baraza sikubaliani nayo hata kidogo. Shefu hajakataa wala hajafanya kosa. Aliandikiwa barua isiyo na swali. Kumshtaki kwa mkubwa wake kwa ajili hiyo ni kuvunja daraja ambalo utalihitaji awamu ya tatu.

---

Kivu_Projeti · saa 6:05 mchana

Cc naiondoa, mzee, nimekubali. Lakini ukimya nao uwe na maana fulani. Asipojibu, dada atafanya nini Jumatatu? Barua isiposema hivyo, shefu ataona kwamba asipojibu hakuna kinachotokea.

---

Mzee_Kipushi · saa 6:30 mchana

Hapo umenigusa. Ndiyo, ukimya upewe maana, lakini maana iliyo salama. Kwa mfano: «Nisipopata jibu sitaagiza kitu. Proforma itaisha tarehe 10, nami nitaomba bei mpya.» Huo ni ukweli mtupu, si kitisho, na unamwonyesha kwamba kutojibu nako ni kuchagua.

---

Fundi_Ruashi · saa 8 mchana

Nimejenga minara ya tenki kadhaa hapa Ruashi na Kipushi, acheni niseme la msingi. Tenki la lita 10,000 likijaa ni tani 10 za maji, mbali na chuma. Mnara wa mita 9 unataka msingi mpana zaidi kwa sababu upepo unausukuma kutoka juu zaidi. Lakini msingi wa mita 9 unaubeba mnara wa mita 6 bila tatizo. Kwa hiyo chimbeni wa mita 9 leo! Mtaongeza mifuko michache ya sementi, na hamtakuwa mmepoteza wiki. Zege nalo linahesabiwa siku 28 kabla ya kubeba mzigo wake kamili, na siku hizo hakuna mkurugenzi anayeweza kuzifupisha.

---

Dada_Katuba · saa 8:25 mchana

Hata mimi nilifikiria hivyo, fundi. Sementi ya nyongeza iko ndani ya mamlaka yangu. Mzee unaonaje?

---

Mzee_Kipushi · saa 9:10 alasiri

Kwa hesabu ya fundi sina neno. Ninachoogopa ni picha yake. Mkurugenzi anaombwa achague, halafu mtu anamtumia picha ya shimo la msingi wa mnara wa mita 9 limeshachimbwa. Ataona umeshaamua, unamtafuta wa kupiga muhuri tu. Nimeona mtu akikataliwa jambo zuri kwa sababu hiyo peke yake.

---

Fundi_Ruashi · saa 9:30 alasiri

Mzee, mvua haiangalii picha. Udongo mwekundu wa kule ukishalowa, shimo linabomoka kingo na lori la kokoto haliingii. Mimi ningechimba.

---

Mama_Sekretere · saa 9:48 alasiri

Aandike kwenye barua kwamba anaweza kuanza msingi unaofaa minara yote miwili, na bei ya nyongeza yake. Kama shefu hataki, atasema.

---

Mzee_Kipushi · saa 10 jioni

Hapo tena anaombwa uamuzi wa pili. Nilisema barua moja, swali moja. Sikubaliani, lakini binti ndiye aliye kazini.

---

Dada_Katuba · saa 1 usiku

Nimempigia mkurugenzi wa fedha. Kumbe hakuwa anajua chochote! Amesema kilichobaki kinahamishika ndani ya projeti ileile, mradi DG aandike kwamba amekubali, nami nilete fakitura ya mwisho ya wachimbaji inayoonyesha mita 62. Anahitaji siku tatu za kazi kupitisha malipo benki.

Nimekaa na karatasi nikahesabu. Malipo yakitoka tarehe 10, karakana inamaliza tarehe 1 Oktoba. Nimeweka siku 10 za njia na mpaka, inakuwa tarehe 11. Kusimamisha mnara wiki moja, tarehe 18. Kuunga mabomba na kujaribu maji wiki moja, tarehe 25. Mvua za kwanza hapa zinaonekana Oktoba, na Novemba zinakaza. Na ili malipo yatoke tarehe 10, siku tatu za kazi ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kwa hiyo neno la DG lazima liwepo Ijumaa tarehe 5.

Rasimu hii hapa:

> Kichwa: Uamuzi wako kabla ya Ijumaa 5: mnara mita 6 au mita 9
>
> Bwana Mkurugenzi Mkuu, kwa heshima naomba uchague urefu wa mnara wa tenki kabla ya Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa 11 jioni. Unaweza kunijibu «6» au «9» tu.
>
> Napendekeza mita 9. Bajeti nzima haiongezeki: tofauti ya dola 1,700 inalipwa na dola 1,710 zilizobaki kwenye kisima, kwa kuwa maji yalipatikana kwenye mita 62 badala ya 80. Mkurugenzi wa Fedha amethibitisha leo kwamba zinaweza kuhamishwa ukikubali kwa maandishi.
>
> Mita 6, dola 4,200. Vituo vinne vinapata maji vizuri. Cha tano, cha shule, kiko juu kwa mita 3, na maji yatafika kidogo sana.
>
> Mita 9, dola 5,900. Vituo vyote vitano vinapata maji.
>
> Kwa nini Ijumaa: proforma ya Ndola inaisha Jumatano tarehe 10, na malipo yanahitaji siku tatu za kazi. Nisipopata jibu, sitaagiza kitu. Nitaomba bei mpya, na kusimamisha mnara kutaingia kwenye mvua.

Nisahihisheni.

---

Mama_Sekretere · saa 1:25 usiku

Hii ningeiweka juu kabisa. Mambo mawili. Saa 11 jioni ya wapi? Lubumbashi mko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa 11 yenu ni saa 10 yetu, na shefu wengi Ijumaa wanasaini kati ya saa 10 na saa 11. Andika saa ya Kinshasa. Tena usitume usiku huu. Tuma kesho asubuhi kabla hajaingia kikaoni, halafu mpigie sekretere wake na umwambie kichwa cha barua neno kwa neno. Yeye ndiye atakayemwambia «Lubumbashi wanangoja 6 au 9».

---

Kivu_Projeti · saa 1:40 usiku

Mimi ningesema mwisho ni Jumatano hii. Ukiandika Ijumaa watajibu Jumatatu. Ficha siku mbili.

---

Mzee_Kipushi · saa 2:05 usiku

Usifiche. Tarehe yake ina mizizi: benki siku tatu, proforma tarehe 10. Mkurugenzi akimpigia mtu wa fedha, atasikia hesabu ileile. Ukimdanganya mara moja akagundua kwamba Jumatano ilikuwa ya kubuni, tarehe zako zote za baadaye atazisoma kama mapambo.

Mimi nina neno moja tu. «Maji yatafika kidogo sana» ni kiasi gani? Atakuuliza.

---

Fundi_Ruashi · saa 2:20 usiku

Hesabu ni rahisi, dada. Mita 10 za kimo ni takriban bari 1. Mnara wa mita 6, toa mita 3 za mwinuko, toa mita 1 ya robine yenyewe, zinabaki mita 2. Hizo ni bari 0.2 kabla bomba halijala chake, na bomba refu linakula. Mnara wa mita 9 unabakiza mita 5. Mwandikie: «shuleni zinabaki mita 2 za msukumo, au mita 5.» Hata asiye fundi anaona tofauti.

---

Dada_Katuba · saa 2:45 usiku

Nimeweka hiyo, na saa ya Kinshasa. Ripoti sikuiambatisha, nimeandika kwamba anayo ya tarehe 14, ukurasa wa 9. Habari ya kuchimba msingi nimeiacha nje. Mzee, nimekusikiliza kwa hiyo, ingawa moyo bado uko kwa fundi.

---

Mwalimu_Panzi · saa 3 usiku

Sasa nimeelewa habari yenyewe. Kama ni shule, dada, watoto wanachota na ndoo za lita 20, foleni moja darasa zima. Andika idadi ya wanafunzi.

---

Dada_Katuba · saa 3:08 usiku

Nimefikiria, mwalimu. Iko kwenye ripoti. Naogopa barua itarefuka tena.

---

Dada_Katuba · Alhamisi 4 Septemba, saa 4 asubuhi

Jana asubuhi nilituma, nikampigia sekretere. Alicheka akasema «barua yenye jibu ndani yake». Mchana kimya. Leo saa 3:50 nimepata hii, kutoka kwenye simu ya DG:

> 9. Ila nani anasema mita 9 zinatosha? Fundi wetu au muuzaji?

---

Mzee_Kipushi · saa 4:15 asubuhi

Uamuzi umeupata, na umeandikwa. Swali lake lijibu leo, usilichukue kama kukataa. Anataka kujua kama anayekwambia uongeze urefu ndiye anayekuuzia urefu.

---

Dada_Katuba · saa 4:30 asubuhi

Vipimo ni vya fundi wetu, kabla hata hatujaiandikia Ndola. Nimemjibu hivyo kwa mistari miwili na picha ya daftari la vipimo. Nikamweka mkurugenzi wa fedha kwenye Cc ili aone neno «9» limetoka kwa DG mwenyewe.

---

Fundi_Ruashi · saa 5 asubuhi

Na msingi?

---

Dada_Katuba · saa 5:06 asubuhi

Tunachimba kesho asubuhi, fundi. Lakini tangu uliposema tuchimbe, siku tatu zimepotea kweli. Zege likimwagwa Ijumaa tarehe 12, siku 28 zinaisha tarehe 10 Oktoba, bado liko mbele ya mnara kwa siku moja.

---

Fundi_Ruashi · saa 5:15 asubuhi

Siku moja. Limwagieni maji asubuhi na jioni wiki nzima ya kwanza, lifunikeni na magunia. Septemba hapa jua ni kali.

---

Kivu_Projeti · saa 6 mchana

Mzee, mimi niko na fundi, angechimba Jumanne.

---

Mzee_Kipushi · saa 6:20 mchana

Na mimi bado nasema jibu lingechelewa. Hatutajua.

---

Transit_Kasumbalesa · saa 7 mchana

Dada, muuzaji akutumie proforma mpya yenye mita 9 peke yake, na uzito wa kila kipande. Ile yenye bei mbili kwenye karatasi moja usiipeleke benki. Nitumie nakala leo nikuangalizie kabla hujalipa.